Chati Tatu za Lishe Kutoka Mafia: Namna ya Kumwandikia Mfadhili

Ofisa wa shirika la ufadhili ana ripoti nyingi mezani. Akifungua ya kwako, macho yake yatakwenda kwenye chati, kisha kwenye maneno machache yaliyo chini yake, na huenda asisome aya zinazofuata. Kwa sababu hiyo, maelezo ya chini ya chati yaandike kwanza, tena kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Aya za ripoti zitafuata kirahisi, kwa kuwa kazi yake itakuwa kueleza kwa nini yale yaliyosemwa chini ya chati yametokea.

Tuchukue mradi wa lishe ya jamii wilayani Mafia, Mkoa wa Pwani. Unafanya kazi Kilindoni, Baleni na Kirongwe kwenye kisiwa kikubwa, na pia kwenye visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Mradi huu ni wa mfano, na takwimu zake nimezitunga ili hesabu ziweze kufuatwa hatua kwa hatua. Vipimo ni vile vinavyotumika nchini, na pepo, mfungo na vyakula ni vya Mafia yenyewe. Ripoti ina chati tatu: watoto wenye utapiamlo kwa kipimo cha mkono, watoto wanaopata mlo wa makundi ya kutosha, na watoto waliodumaa.

Zote tatu ni asilimia, na asilimia daima ni watoto kadhaa kati ya watoto kadhaa. Kabla hujaandika neno, jiulize ni watoto gani walihesabiwa na nani hakuwepo. Mafia, jibu la swali hilo hubadilika pamoja na bahari.

Mkono wa mtoto na upepo wa kusi

Chati ya kwanza inatokana na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii humpima mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa rangi, katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegezwa. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na mtoto huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tuseme daftari la mradi lina watoto 640. Robo ya kwanza ya mwaka walipimwa 512, na 31 wakawa njano au nyekundu, sawa na asilimia 6.1. Aprili hadi Juni walipimwa 334, wakaonekana 14, asilimia 4.2. Julai hadi Septemba, 17 kati ya 398, asilimia 4.3. Oktoba hadi Desemba, 33 kati ya 540, asilimia 6.1. Ukichora mstari wa asilimia peke yake, utaona utapiamlo ukishuka vizuri katikati ya mwaka kisha ukirudi juu mwishoni. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba elimu ya lishe ilizaa matunda na kwamba hali ilirudi nyuma baadaye kwa sababu fulani atakayoitafuta. Yote mawili yatakuwa si kweli.

Tazama idadi ya waliopimwa. Kutoka 512 kushuka hadi 334 ni watoto 178 ambao hawakuonekana. Miezi hiyo ndiyo ya masika na mwanzo wa kusi. Upepo wa kusi ukishika, bahari huchafuka, na kuvuka kwenda Jibondo na timu, mizani na ubao wa kupimia kimo huwa jambo la kuahirishwa wiki baada ya wiki. Siku ya lishe ikifanyika bila timu, fomu hujazwa kwa watoto wachache walio jirani na mhudumu.

Namna ya kuthibitisha ni kugawa hesabu mara mbili. Chukua kwanza vijiji vilivyopimwa robo zote nne. Katika mfano wetu hivyo ni vya kisiwa kikubwa, na kila robo walipatikana watoto 13 kati ya takribani 300 hadi 310, kwa hiyo asilimia 4 na kitu mwaka mzima bila kubadilika. Kisha chukua visiwa vidogo. Robo ya kwanza walikuwa watoto 18 kati ya 212, robo ya nne 20 kati ya 232, yaani asilimia 8.5 na 8.6. Katikati ya mwaka walipimwa wachache tu. Kumbe mstari ulishuka kwa sababu watoto wenye hali ngumu zaidi hawakufikiwa, na ulipanda kwa sababu walifikiwa tena.

Habari hii ni muhimu kuliko ile ya kushuka na kupanda: utapiamlo wa visiwa vidogo ni karibu maradufu ya ule wa kisiwa kikubwa, na mradi haujaupunguza. Mfadhili anastahili kuijua, na mama wa Jibondo anastahili ijulikane. Kwa hiyo chora mistari miwili, mmoja wa kisiwa kikubwa na mmoja wa visiwa vidogo. Ule wa visiwa vidogo uukate robo mbili za katikati, usiuunganishe kwa nukta nukta, maana msomaji ataziona nukta kama kipimo. Chini ya kila robo weka idadi ya waliopimwa. Maelezo ya chati yawe hivi:

> Chati 1. Utapiamlo kwa kipimo cha mkono haukupungua mwaka huu, na visiwa vidogo vina kiwango karibu maradufu ya kisiwa kikubwa. Asilimia ya watoto wa miezi 6–59 wenye mzingo wa mkono chini ya sentimita 12.5, kwa robo mwaka. Namba zilizo chini ya kila robo ni watoto waliopimwa kati ya 640 walioandikishwa. Visiwa vidogo havina kipimo cha kutosha Aprili–Septemba kwa sababu timu haikuweza kuvuka.

Sentensi ya kwanza inatoa ujumbe na zinazobaki zinatoa masharti ya kuuelewa. Kichwa kama "Hali ya utapiamlo kwa robo mwaka" kinamwachia msomaji kazi ya kutafuta maana mwenyewe, naye ataitafuta vibaya.

Aya inayofuata chati isirudie namba zote. Ieleze kwa nini timu haikuvuka, watoto wangapi wa rangi nyekundu walifika kituoni na wangapi hawakufika, na utafanya nini kabla ya kusi ijayo. Huenda mhudumu wa Jibondo akapewa utepe wake, daftari lake na siku mbili za mafunzo kwenye miezi ya kaskazi, ili apime mwenyewe bila kungoja boti. Utepe ni mwepesi na hauhitaji mizani. Sentensi ya namna hiyo inamwonyesha mfadhili kwamba chati imesomwa na wenye mradi kabla yake.

Tahadhari moja hapa. Ukigawa kwa kijiji, unaweza kufikia mahali ambapo kijiji kidogo kina watoto wawili wa rangi nyekundu, na kisiwani kila mtu atajua ni wa nani. Unganisha vijiji mpaka namba isimtambulishe mtoto yeyote.

Makundi matano kati ya manane

Chati ya pili inahusu mlo wa watoto wa miezi 6 hadi 23. Kipimo kinauliza mtoto alikula nini jana, mchana na usiku, kisha vyakula vinapangwa katika makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; kunde, karanga na mbegu; maziwa na vitokanavyo; nyama, samaki na kuku; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi; na mboga na matunda mengine. Mtoto aliyepata angalau makundi matano anahesabiwa amefikia kiwango cha chini.

Tuseme tathmini ya awali ilikuta asilimia 22 kati ya watoto 200, na tathmini ya sasa imekuta asilimia 34 kati ya watoto wengine 200. Andika kwamba kiwango kimepanda kutoka asilimia 22 hadi 34, ongezeko la pointi 12. Usiandike "ongezeko la asilimia 12", kwa sababu msomaji mwingine atachukua asilimia 12 ya 22, akapata chini ya pointi tatu. Wala usiandike "ongezeko la asilimia 55", ingawa hesabu hiyo ni sahihi kwa namna yake, kwa kuwa inafanya mabadiliko ya wastani yaonekane makubwa mno.

Pointi 12 kwa sampuli ya watoto 200 kila mara si bahati tu, lakini ukingo wa makosa ni mpana. Ukizingatia kwamba watoto wa kijiji kimoja hula vyakula vinavyofanana, ongezeko la kweli linaweza kuwa popote kati ya pointi moja na 23 hivi. Sema hivyo kwa maneno mepesi: mlo umeboreka, ila kiasi hasa hakijulikani vizuri.

Kisha fungua namba hiyo moja uone kilichomo ndani. Chati nzuri hapa ni ya pau za kulala, kila kundi la chakula na pau mbili, ya awali na ya sasa. Tuseme kundi la samaki na nyama lilikuwa asilimia 71, sasa 73. Mboga na matunda yenye vitamini A yametoka 41 hadi 63. Kunde zimetoka 30 hadi 44. Mayai yametoka 8 hadi 11. Maziwa yamebaki 9. Mara moja unaona kwamba kisiwa cha wavuvi hakikuwa na shida ya samaki tangu mwanzo, na kwamba mabadiliko yameletwa na mchicha, matembele, kisamvu, papai, kunde na choroko. Kama mradi ulifadhili bustani za nyumbani na mapishi ya darasa, una msingi wa kuhusisha mambo haya mawili, hasa ikiwa kiwango cha kaya zenye bustani kimepanda zaidi ya cha zisizo nayo. Kama ulifadhili pia kuku, sema waziwazi kwamba mayai hayajaingia kwenye sahani ya mtoto. Kabla ya kuandika sababu, kawaulize kina mama. Inawezekana kuku wanataga vizuri na mayai yanauzwa, na fedha inanunua unga na daftari za shule. Hapo tatizo si kuku, na suluhisho la kuongeza kuku halitasaidia.

Chati hii huharibiwa na makosa ya kwenye dodoso kuliko ya kwenye kompyuta. Tui la nazi linaingia karibu kila chungu cha Mafia, na mdodosaji asiyefundishwa vizuri akisikia "wali na tui" anaweka alama kwenye maziwa. Tui si maziwa kwa kipimo hiki. Dagaa waliosagwa wakatiwa kijiko kimoja kwenye mchuzi wa familia nzima ni kiungo, hawamhesabii mtoto kundi la samaki, lakini mtoto aliyekula kipande cha changu amelipata. Kundi la maziwa likiruka ghafla kutoka 9 hadi 30 bila ng'ombe wala mbuzi kuongezeka, usianze kuandika maelezo. Chukua fomu ishirini usome kilichoandikwa.

Mwezi wa mahojiano nao una nguvu. Watu wengi wa Mafia ni Waislamu, na katika Ramadhani jikoni hubadilika: jioni kuna futari ya mihogo, kunde, magimbi na tende, na mtoto mdogo asiyefunga hula pamoja na wakubwa au hula mabaki ya jana yake. Ramadhani husogea mapema kwa siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo tathmini iliyofanyika katikati ya Machi 2023, kabla ya mfungo, na ile ya katikati ya Machi 2025, ndani ya mfungo, hazikuangukia kwenye mlo wa aina moja, ingawa kalenda inaonyesha mwezi uleule. Msimu wa maembe nao hupandisha kundi la vitamini A bila msaada wa mradi wowote. Maelezo ya chati yataje miezi:

> Chati 2. Watoto wengi zaidi wanapata mlo wa makundi matano, kwa sababu ya mboga na kunde. Mayai na maziwa karibu hayajabadilika. Asilimia ya watoto wa miezi 6–23 waliokula kila kundi siku iliyotangulia mahojiano. Waliofikia makundi matano au zaidi kati ya manane: 22% awali, 34% sasa. Watoto 200 kila awamu. Awamu zote mbili zilifanyika Julai, nje ya Ramadhani na nje ya msimu wa maembe.

Ikiwa awamu hazikufanyika msimu mmoja, kifungu hicho cha mwisho kitakuwa kinyume chake, na lazima kiandikwe hivyohivyo.

Udumavu haukimbii

Chati ya tatu ndiyo inayosubiriwa na mfadhili, na ndiyo inayovumilia maneno machache zaidi. Mtoto amedumaa ikiwa kimo chake kwa umri wake kiko chini ya alama Z ya −2 kwenye viwango vya ukuaji vya WHO vya mwaka 2006. Tuseme awali walikuwa asilimia 36 ya watoto 300, na baada ya miaka miwili asilimia 33 ya watoto wengine 300.

Ukingo wa makosa kwa sampuli hiyo ni zaidi ya pointi tano kila upande. Kipimo cha awali ni kati ya 31 na 41, cha sasa ni kati ya 28 na 38. Vipande hivi viwili vinafunikana kwa sehemu kubwa, na tofauti ya pointi 3 ni ndogo kuliko sampuli hii inavyoweza kuthibitisha. Chora pau mbili zenye vijiti vya ukingo juu yake, na mhimili wa namba uanzie sifuri. Mhimili huo ukianzia 30, kushuka kwa pointi 3 kutaonekana kama nusu ya tatizo imeisha, na programu nyingi za chati huchagua mwanzo wake zenyewe usipoziangalia. Kwenye Excel, bofya mhimili huo, fungua `Format Axis`, kisha weka `Minimum` kuwa `0`.

Msaidie msomaji kwa kumwekea kipimo cha nchi nzima. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta udumavu wa asilimia 34 Tanzania, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 30. Nchi nzima ilishuka pointi 4 katika muda wa zaidi ya miaka sita. Mradi wa miaka miwili wilayani Mafia ukidai umeshusha pointi 10, msomaji anayejua fani atatilia shaka vipimo vyako kabla ya kukupongeza, na atakuwa sahihi.

Sababu ya ugumu huo iko kwenye mwili wa mtoto. Udumavu hujengeka kuanzia mimba hadi mwaka wa pili. Mtoto wa miaka minne aliyepimwa leo alidumaa kabla mradi haujaanza, na bustani ya mama yake haitamrudishia kimo chote. Kwa hiyo tenga watoto wa chini ya miaka miwili, ambao maisha yao yote yamepita ndani ya mradi. Kundi hili ni dogo, na ukingo wake utakuwa mpana zaidi, lakini ndilo swali halali.

Kagua pia upimaji. Mtoto wa chini ya miezi 24 hupimwa amelala, aliyetimiza 24 hupimwa amesimama, na tofauti kati ya namna hizo mbili ni kama sentimita 0.7. Timu ikiwasimamisha wadogo wote kwa sababu ubao ulikuwa mzito kuulaza, watoto hao watatoka wafupi kuliko walivyo. Umri utoke kwenye kadi ya kliniki. Ukiona watoto wengi wana miezi 12, 24 na 36 kamili kuliko umri wa katikati, ujue umri ulikadiriwa, na kila mwezi uliokosewa unaweza kumsogeza mtoto upande mmoja au mwingine wa mpaka.

> Chati 3. Udumavu ni asilimia 33. Sampuli haitoshi kuthibitisha kwamba umepungua tangu tathmini ya awali (36%). Watoto wa miezi 0–59, 300 kila awamu. Vijiti vinaonyesha ukingo wa makosa (asilimia 95). Watoto wenye zaidi ya miaka miwili walipita sehemu ya kipindi cha hatari au chote kabla mradi kuanza.

Nimewaona waandishi wakiogopa maelezo ya namna hii, wakidhani fedha zitakatwa. Mfadhili aliyezoea lishe anajua udumavu hausogei kwa miezi. Kinachomkera ni kuahidiwa kwenye andiko la maombi kwamba utashuka kwa pointi 10 na kisha kuletewa chati iliyonyooshwa ili ahadi itimie. Kama ahadi ya namna hiyo iko kwenye mkataba wenu, ripoti hii ndiyo mahali pa kupendekeza kiashiria cha mlo kiwe kipimo kikuu cha mradi, na udumavu uachwe kwa tathmini ya miaka mitano.

Kabla ripoti haijapanda boti

Mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa fedha za Italia kupitia UNICEF na WHO, uliweka utaratibu ambao ungefaa Mafia hadi leo. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji palepale kabla ya kupanda ngazi za juu. Peleka chati zako tatu kwenye mkutano wa serikali ya kijiji, Chole au Baleni, zikiwa zimechorwa kwenye karatasi kubwa. Mzee mmoja anaweza kukuambia mwezi ambao daktari hakuwepo, au kwamba Julai ile wanaume wengi walikuwa kwenye dago na kina mama walikuwa peke yao shambani. Maneno hayo yaingie kwenye aya za ripoti, yakitajwa kuwa yametoka kwenye mkutano huo na tarehe yake. Mpe nakala ofisa lishe wa wilaya pia, kwa sababu takwimu zake za kliniki zinaweza kupingana na zako, na ni afadhali mlijue hilo nyinyi wawili mapema.

Mwishoni linganisha kila namba iliyo kwenye maelezo ya chati na ile iliyo kwenye jedwali na kwenye muhtasari wa mbele. Namba huachana wakati wa marekebisho ya usiku wa mwisho: chati inasema 34, muhtasari unasema 35 kwa kuwa mtu alikadiria. Ambatisha jedwali lenye idadi ya watoto, wala si asilimia tu, ili anayetaka akokotoe mwenyewe. Na kwenye mpango wa mwaka ujao, andika mwezi wa tathmini ijayo uwe Julai tena. Kusi itakuwa inavuma, kwa hiyo wadodosaji wa Jibondo wachaguliwe miongoni mwa wakazi wa Jibondo na wafundishwe kabla ya Aprili.